Karatasi ya maelezo ya utafiti wa presha: iandike kwa ajili ya anayekaa kwenye benchi la kliniki

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya mkoani Pwani na nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu ni mdogo: wagonjwa 80 wa kliniki ya presha, nusu wapewe mashine ya kupimia nyumbani kwa miezi sita, nusu waendelee na kliniki kama kawaida. Kamati ya maadili imenirudishia karatasi ya maelezo kwa mshiriki mara ya pili. Wanasema lugha ni ngumu na mambo muhimu hayamo, wakati nimetafsiri kila kitu kilichomo kwenye andiko langu. Nifanyeje?*

Marahaba, binti yangu. Weka pembeni hiyo tafsiri, uanze upya na karatasi tupu. Andiko lako uliliandika kwa ajili ya walimu wako, na kila lililomo linajibu maswali yao: pengo la maarifa ni lipi, sampuli imekokotolewaje, matokeo yatachambuliwaje. Mama aliyepanda bodaboda saa kumi na moja alfajiri awahi namba kliniki ana maswali mengine kabisa. Anataka kujua utamfanya nini, mara ngapi, kitamgharimu nini, na akikataa, dawa zake atapata au hatapata. Hata ukilitafsiri andiko kwa Kiswahili fasaha, majibu hayo hayatatokea, kwa sababu hayakuwemo tangu mwanzo.

Kwenye karatasi nyingi nilizozipitia nimekutana na sentensi ya kwanza ya namna hii: "Utafiti huu unalenga kutathmini ufanisi wa afua ya ufuatiliaji wa shinikizo la damu nyumbani katika kuboresha udhibiti wa shinikizo la damu miongoni mwa wagonjwa wa nje." Kisarufi haina kosa. Lakini msomee mgonjwa, kisha muulize umemwambia nini. Atakujibu "presha", maana ndilo jambo pekee alilolidaka. Mimi ningeiandika hivi:

"Tunataka kujua kama mtu mwenye presha ya kupanda akijipima mwenyewe nyumbani, presha yake inatulia vizuri zaidi kuliko ya mtu anayepimwa kliniki tu. Hatujui jibu kwa wagonjwa wa kituo chetu. Ndiyo maana tunafanya utafiti."

Andika "presha", maana ndilo neno lao. "Shinikizo la juu la damu" liandike mara moja juu ya ukurasa, kwa kuwa ndilo lililoko kwenye kadi ya kliniki, kisha liache. Na andika "presha ya kupanda" kwa ukamilifu, kwa sababu kwenye benchi lako wamo wanaoamini wana presha ya kushuka, na wamo wanaosema "nina presha" wakimaanisha mawazo ya ada za watoto.

Sentensi ya "hatujui jibu" usiifute hata msimamizi wako akiona aibu nayo. Ndiyo inayomwonyesha mgonjwa kuwa huu ni utafiti na si tiba mpya iliyoletwa kwake kwa upendeleo. Kosa kubwa kuliko yote kwenye karatasi hizi ni mshiriki kutoka pale akiamini amepata huduma bora zaidi. Kosa hilo hulioni kwenye saini. Utaligundua miezi mitatu baadaye, mtu wa kundi la kawaida anapokujia na uchungu kwamba jirani yake amepewa mashine na yeye amenyimwa.

Ili kulizuia, panga karatasi yako kwa kutenganisha mambo mawili: yale yatakayobaki kama yalivyo, na yale yatakayoongezeka kwa sababu ya utafiti. Kamati inapokuambia "mambo muhimu hayamo", mara nyingi ni mstari huu unaokosekana. Kwa utafiti wako ningeandika:

"Yasiyobadilika: Daktari atakuona kama kawaida. Dawa zako ni zilezile na utazipata kwa utaratibu uleule, kwa bima au kwa kulipia. Utafiti haukulipii dawa. Yanayoongezeka: Tutakupima presha kwa namna ya pekee mara tatu, yaani leo, baada ya miezi mitatu, na baada ya miezi sita. Kila mara utakaa umetulia dakika tano bila kuongea, halafu tutakupima mara tatu. Tutakuuliza pia maswali kuhusu dawa na chakula. Siku hizo utakaa kliniki kama dakika 40 zaidi ya kawaida."

Hizo dakika 40 mimi nimekadiria. Wewe zipime. Mwombe mwenzako akae kama mgonjwa, washa saa ya simu, umpitishe hatua zote kuanzia salamu hadi swali la mwisho. Wanaokaa mezani wakakisia hupunguza karibu kila mara, na anayepoteza muda huo ni mgonjwa aliyeacha meza yake ya samaki sokoni.

Kama utachukua damu kuangalia figo, usiandike "sampuli ya mililita 5". Andika "damu kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kutoka mkononi, kwa sindano mpya", useme itapimwa wapi na ikishapimwa itakwenda wapi. Hofu ya damu kuuzwa au kupelekwa mbali ipo, na haiondoki kwa kunyamaza. Kama itamwagwa siku ileile, sema. Kama itahifadhiwa, sema hilo pia, na uombe ridhaa yake peke yake.

Sasa mgawanyo wa makundi, ambako nadhani ndiko kazi yako kubwa ilipo. Tafsiri iliyozoeleka ni "utachaguliwa kwa bahati nasibu". Nakuomba uiondoe. Kwa wananchi wengi bahati nasibu ni ile ya redioni, ambako kuna zawadi, kuna mshindi na kuna aliyekosa. Ukiitumia, umeshamwambia mgonjwa kwamba mashine ni ushindi, na umeshawaambia wengine 40 kwamba wameshindwa, wakati wewe mwenyewe hujui kama mashine inasaidia. "Kubahatisha" nako kuna harufu ya daktari asiyejua anachofanya. Eleza kitendo chenyewe atakachokiona kwa macho. Kama mtatumia bahasha:

"Kutakuwa na makundi mawili ya watu 40. Kundi moja litapewa mashine ya kupimia presha nyumbani, lingine litaendelea na kliniki peke yake. Si mimi wala daktari atakayechagua uingie kundi gani. Tutafungua bahasha inayofuata kwenye mpangilio, na kikaratasi kilichomo ndicho kitakachosema. Bahasha zimefungwa na mtu mwingine, hata sisi hatujui zina nini. Una nafasi sawa ya kuingia kundi lolote. Tunafanya hivi ili makundi yafanane, tusije tukawapa mashine wale tu wanaoishi karibu au tunaofahamiana nao."

Sentensi ya mwisho ina kazi. Watu wanaoijua foleni ya kituo cha afya wanauelewa upendeleo vizuri sana, na ukiwaambia bahasha ni kinga dhidi ya upendeleo, wanaikubali upesi kuliko maelezo yoyote ya kitakwimu. Lakini iwe kweli. Kama mgawanyo utafanywa na kompyuta chuoni nawe ukapigiwa simu, eleza hivyo hivyo, usimwambie habari ya bahasha asizoziona.

Kuhusu mashine yenyewe kuna maswali matatu ambayo karibu kila mwandishi huyaruka, na wagonjwa huyauliza siku ya kwanza. Je, ni yangu au nitairudisha? Betri zikiisha nani ananunua? Mtoto akiiangusha nitalipishwa? Jibu yote matatu. Niliwahi kuzungumza na bibi mmoja aliyekuwa kwenye utafiti wa aina hii, akanisimulia walivyokuja kuichukua mashine siku ya mwisho. Miezi yote ile alikuwa ameiweka juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akijua ni mali yake. Aliyeandika karatasi ile hakudanganya neno. Hakuandika tu. Kama bajeti yako inaruhusu waachie mashine, na kundi la pili nalo lipate mwishoni au lifundishwe kujipima. Kama hairuhusu, andika kwa herufi nene: "Mashine utairudisha baada ya miezi sita."

Halafu kuna hatari. Naona wengi wanaandika "Hakuna madhara yoyote yanayotarajiwa" kwa sababu kupima presha si upasuaji. Hiyo ndiyo sentensi itakayokurudishia karatasi mara ya tatu. Mkanda unabana mkono kwa muda mfupi, hilo ni dogo. Kubwa ni namba. Unampa mtu kifaa kitakachomwonyesha usiku wa manane, yuko peke yake, namba 186 kwa 112. Atafanya nini? Atameza vidonge viwili badala ya kimoja? Atakesha anajipima kila baada ya dakika kumi, na kila akijipima namba inapanda kwa hofu? Hayo yanatokea. Na upande wa pili yupo atakayeona 124 kwa 78 wiki mbili mfululizo, aseme amepona, aache dawa. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu hatapiga simu, atakuwa na furaha. Karatasi yako iseme na wote wawili:

"Namba ya juu ikiwa 180 au zaidi, au ya chini ikiwa 110 au zaidi: kaa utulie dakika tano, pima tena. Ikiwa bado iko hivyo, tupigie simu saa yoyote. Usijiongezee dawa. Lakini kama una maumivu ya kifua, unashindwa kupumua, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umepinda, huoni vizuri au maneno hayatoki, usisubiri kupima wala kupiga simu. Nenda hospitali mara moja. Na namba zikiwa nzuri, maana yake dawa inafanya kazi. Ugonjwa haujaisha. Usiache dawa bila kuongea nasi."

Namba za mpaka aziidhinishe daktari wa kliniki yenu. Mimi nimeweka 180 na 110 kwa kuwa ningependa mtu apige simu mapema. Ukishaandika "saa yoyote", hakikisha usiku kuna binadamu wa kuipokea simu hiyo. Kama hayupo, andika saa mlizopo na uandike pia pa kwenda nje ya saa hizo. Kuna jambo jingine dogo linalochanganya: namba za nyumbani kwa kawaida huwa chini kidogo kuliko za kliniki. Shabaha ya chini ya 140 kwa 90 kliniki inalingana na chini ya 135 kwa 85 nyumbani. Hilo usilijaze kwenye karatasi. Lifundishe wakati wa kumkabidhi mashine, na kwenye karatasi weka mstari mmoja tu: "Usishangae namba za nyumbani zikiwa chini kidogo kuliko za kliniki."

Kama mpango wako una ujumbe wa simu wa kumkumbusha dawa, hiyo nayo ni hatari ya kuandikwa. Simu nyingi vijijini ni za nyumba nzima. Ujumbe unaosema "Kumbuka dawa yako ya presha" utasomwa na mume, na mkwe, na kijana anayeazima simu kuangalia mpira. Si kila mtu amewaambia wa kwake kuwa ana presha, na dereva anayeogopa kupoteza gari la tajiri ana sababu ya kunyamaza. Muulize: "Simu hii inasomwa na nani mwingine? Tuandike presha, au tuandike tu 'Habari za asubuhi, usisahau'?" Jibu lake liandikwe kwenye fomu ya ridhaa, si kwenye kumbukumbu ya kichwa chako.

Usiri wenyewe uandike kwa vitendo. "Taarifa zako zitakuwa siri" ni ahadi ambayo mgonjwa hana namna ya kuipima. Sema kwamba jina lake halitaandikwa kwenye dodoso, litawekwa namba. Kwamba daftari lenye majina na namba litafungiwa kabatini na ufunguo unao wewe na msimamizi. Kwamba kamati ya maadili inaweza kuja kukagua. Na kwamba daftari litachanwa mwaka fulani. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kamati itaangalia hapo.

Faida zisikusumbue. Andika ukweli: "Huenda usipate faida yoyote wewe mwenyewe." Nauli ya siku za nyongeza itaje kwa shilingi, na useme ni ya kurudisha gharama.

Sasa hiari, na hapa naongea nawe kama muuguzi. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, katika marekebisho ya Oktoba 2024, linataka mtu aelezwe utafiti kwa lugha nyepesi. Linasema pia kwamba pale mtu anapomtegemea mtafiti, ridhaa iombwe na mtu mwingine mwenye sifa asiye kwenye uhusiano huo. Wewe ndiye unayepima, unayeita namba, unayejua nani alikosa kliniki mwezi uliopita. Mama huyo akikuona umeshika karatasi, atasema "sawa dada" kabla hujamaliza salamu. Siyo kwamba ameridhia, anakuheshimu, na mwezi ujao atakuhitaji. Kwa hiyo hata sentensi "Kushiriki ni hiari" ikiandikwa vizuri namna gani, wewe usiwe mwenye kuiomba ridhaa. Tafuta mhudumu wa idara nyingine, umfundishe, na wewe usiwemo chumbani. Karatasi iseme: "Ukikataa, au ukikubali leo ukaacha kesho, hutanyimwa dawa, hutapoteza namba yako, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Unaweza kwenda na karatasi hii nyumbani, ukaongea na watu wako, ukajibu kliniki ijayo." Na kliniki ijayo kweli asiulizwe kwa nini.

Asiyejua kusoma asomewe yote mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, asiye mmoja wenu. Yeye aweke dole gumba, shahidi atie saini. Urefu wa karatasi usizidi kurasa mbili, herufi za ukubwa wa 14, maana wenye presha wengi ni watu wazima na miwani huachwa nyumbani.

Ukishamaliza, ijaribu kabla ya kuirudisha kwa kamati. Chukua watu watano wa rika la wagonjwa wako wasiokuwa kwenye utafiti, msomee mmoja mmoja. Usiulize "umeelewa?" Kwa swali hilo jibu ni ndiyo, siku zote, kwa adabu tu. Uliza: "Ukifika nyumbani wakakuuliza kliniki walikuambia nini, utawajibuje?" Nyamaza usikilize. Nilipofanya hivi na karatasi moja ya presha, muuza vitumbua mmoja alinijibu: "Nitawaambia wanatafuta wenye presha mbaya zaidi, wakiwapata wanawapa mashine." Hakuna mahali tulipoandika hivyo. Tulikuwa tumeandika "washiriki watakaokidhi vigezo watapangwa kwenye kundi la afua", naye akakamilisha maana kwa akili yake, na akaifanya kwa mantiki nzuri tu. Tulibadilisha aya ile, tukaeleza bahasha. Aliyefuata akasema: "Ni kikaratasi kinaamua, siyo nesi." Hapo nilijua aya imekaa.

Ukisikia "watanipa dawa mpya", rudi kwenye aya ya yasiyobadilika. Ukisikia "nikikataa watanikasirikia", rudi kwenye hiari, na ujiulize nani alikuwa anasoma. Makosa mawili yanayofanana kati ya watu watano yanatosha kukufanya uandike aya upya, kisha utafute watu wengine watano, kwa sababu wale wa kwanza sasa wanajua jibu.

Mwisho wa karatasi unahitaji namba mbili za simu: yako kwa maswali ya utafiti, na ya katibu wa kamati ya maadili kwa malalamiko, pamoja na namba ya kibali. Hiyo ya pili ndiyo kimbilio la mgonjwa pale ambapo mwenye kosa ni wewe. Karatasi moja niliyoipitia ilikuwa na namba ya ofisi iliyokuwa imehama miaka kadhaa nyuma. Wagonjwa walikuwa wakiipiga na hakuna aliyepokea, na mtafiti alijua habari hiyo siku tulipokwenda kukagua. Kabla ya kuchapisha nakala 80, piga zote mbili kwa simu ya mtu mwingine, na usikilize nani anaitikia.